Dakika tano, matendo matatu: mgeuko wa hadithi uwekwe wapi?

Mwandishi_Umoja

Wadau, habari za jioni. Nina skripti ya filamu fupi isiyoruhusiwa kuzidi dakika tano, majina ya mwisho yakiwemo. Tunapiga Jumamosi kwenye ploti moja hapa Umoja, na bado nimekwama kwenye mpangilio.

Hadithi yenyewe: keyateka amepewa kufuli na notisi na landilodi. Kufikia saa kumi na mbili jioni awe ameshafunga mlango namba 14, ghorofa ya nne, anakoishi mwalimu mstaafu aliyechelewesha kodi. Keyateka hajui kusoma. Tarakimu anazijua, lakini kwenye daftari lake la kodi kila mpangaji ana mchoro mahali pa jina. Mama wa chapati ana jiko, kijana wa bodaboda ana helmeti, mwalimu ana miwani. Kila jioni mwalimu huwakalisha watoto wa ploti kwenye ngazi akawasomesha, na binti wa keyateka ni mmoja wao.

Nina njia tatu.

Ya kwanza ni ule mgawanyo wa robo, nusu, robo. Sekunde 75 za kumjua keyateka (landilodi, kufuli, mizunguko yake ya kukusanya kodi), sekunde 150 za yeye na mwalimu, kisha 75 za mwisho.

Ya pili inaanzia ngazini, kufuli tayari liko mkononi. Anapofika juu mwalimu hayuko, anangoja. Mwalimu anarudi, binti anafika, anachukua notisi na kumsomea baba yake kwa sauti, mwalimu akisikia. Keyateka anafunga mlango kwa kufuli kama alivyoagizwa, halafu anaweka ufunguo kwenye kiganja cha mwalimu. Mwishoni anafungua daftari, na binti anamsaidia kuandika jina pale penye miwani.

Ya tatu inashikilia siri hadi dakika ya nne na nusu: notisi inaposomwa, kumbe jina la keyateka mwenyewe nalo limo, naye anatakiwa kuhama. Filamu inakatika hapo.

Ipi inashika zaidi?

KijanaWaRongai

Ya tatu bila kufikiria mara mbili. Watu hawaitarajii, na filamu fupi ikiisha kwa mshtuko ndiyo inayotumwa kwa marafiki.

MzeeWaJukwaa

Mimi nimetoka kwenye maigizo ya jukwaani, na nakuambia usiguse robo, nusu, robo. Mtazamaji hawezi kumlilia mtu asiyemjua. Ukiwanyima keyateka na mwalimu muda wa mwanzo, ufunguo ukitolewa utakuwa chuma tu. Tena hesabu yako ni rahisi: ukurasa mmoja ni dakika moja, kwa hiyo andika kurasa tano, ya kwanza na robo iwe tendo la kwanza, basi.

MhaririWaBuruburu

Mzee, nakubaliana nawe kwamba lazima tumjue mtu kabla ya kumlilia. Kwenye hesabu ndipo tunapoachana.

Ukurasa mmoja kwa dakika ni wastani wa filamu ndefu, mahali ambapo kurasa zenye maneno mengi na zenye vitendo zinafidiana. Kwenye kurasa tano hakuna nafasi ya kufidiana. "Anapanda hadi ghorofa ya nne" ni mstari mmoja kwenye karatasi. Mpe mwigizaji kufuli mkononi, mwambie apande kama mtu asiyetaka kufika, halafu upime. Nusu dakika imekwenda, na hakuna aliyefungua mdomo. Mwandishi, naomba utuambie: mliposoma skripti kwa sauti ilichukua muda gani?

Mwandishi_Umoja

Njia ya kwanza ilikaribia dakika saba. Ya pili ni tano na ushee.

MhaririWaBuruburu

Nilihisi hivyo. Sasa tuangalie kwa nini robo haifanyi kazi hapa. Kwenye filamu ya dakika 120, robo ni nusu saa, na nusu saa inatosha kuishi na mtu. Ukiibana hadi dakika tano, uwiano unabaki vilevile lakini jicho la mtazamaji halibani nalo. Uso wa mwigizaji anayeamua jambo unahitaji sekunde zilezile kusomeka, iwe filamu ni ndefu au fupi. Ufunguo ukiwekwa kiganjani, mwalimu autazame, kisha amtazame keyateka, kisha tuone keyateka ameelewa alichokifanya: hizo ni shoti tatu, na hakuna hata moja utakayoikata chini ya sekunde nne au tano bila kuiua.

Kwa hiyo mimi huhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Una sekunde 300. Majina ya mwisho, toa 20. Mguso wa mwisho, yaani daftari na jina, upe 50 kamili. Mgeuko wenyewe, kuanzia binti anapoishika notisi hadi ufunguo unapobadilisha mkono, upe 45. Umebaki na 185. Hapo tendo la kwanza lichukue 40 na la pili 145. Maana yake notisi inaanza kusomwa kwenye 3:05, ufunguo umetolewa kufikia 3:50, na kwenye 4:40 majina yanapanda. Ukibanwa na muda, punguza mwanzo. Zile 50 za mwisho usiziguse.

Dada_Kamera

Naongezea kwenye swali la ya pili dhidi ya ya tatu, maana Rongai amegusa jambo ambalo wengi wetu tunalichanganya. Kwenye ya tatu, kinachogeuka ni habari aliyo nayo mtazamaji. Keyateka mwenyewe hajafanya lolote, amefanyiwa. Unakata filamu kabla hajaamua, kwa hiyo mshtuko unaupata lakini tendo la tatu halipo kabisa. Kwenye ya pili anafanya kitu asichoweza kukirudisha: kesho landilodi atakuta kufuli mlangoni na mtu ndani. Kazi yake imo hatarini kuanzia dakika ile, na hakuna aliyelazimika kutuambia hivyo kwa mdomo.

Kipimo changu huwa hiki: zima sauti, tazama dakika ya mgeuko, kisha muulize mtu asiyeijua hadithi, "Ni nani ameamua nini hapa?" Akikujibu kwa kukwambia kilichofichuliwa, bado una siri tu. Akikwambia "amempa ufunguo", unao mgeuko.

KijanaWaRongai

Nimekupata, dada, lakini sioni kwa nini siri na uamuzi visikae pamoja. Binti asome, jina la baba yake litokee, na bado atoe ufunguo. Hapo uamuzi unakuwa mzito mara mbili.

Dada_Kamera

Au unakuwa mwepesi. Akijua yeye pia anafukuzwa, kutoa ufunguo hakumgharimu chochote, kazi ameshaipoteza. Labda ajue baada ya kutoa. Lakini hapo unahitaji sekunde za kuonyesha hilo, na Mhariri ameshazigawa zote.

MamaWaFilamuKayole

Jamani, kwani mmeomba ruhusa ya kupiga hapo? Sisi tulipiga ya dakika nane kwenye ploti, mlinzi wa mtaa akatusimamisha tukapoteza mwanga wote wa jioni. Na je, kamera mtakodi au mtatumia simu?

Mwandishi_Umoja

Ruhusa ipo, mama, na mwenye ploti ni shangazi. Tunatumia simu yenye stendi. Kwa sasa kinachoniumiza ni mpangilio.

MamaWaFilamuKayole

Sawa mwanangu. Basi niseme la mpangilio, maana ile ya dakika nane tuliipunguza hadi tano na kitu. Yetu ilikuwa ya makanga anayemrudishia abiria chenji nyingi kupita kiasi. Tulikata mwanzo wote wa stejini, tukaanzia ndani ya gari, na watu walielewa. Kilichopotea ni sababu ya yeye kuhitaji pesa. Tulikuwa tumeiweka kwenye simu aliyopigiwa pale stejini, na simu ikaondoka na mwanzo. Mwisho ukatazamwa kimya, watu wakauliza, "Sasa kwa nini alisita?" Kwa hiyo kata mwanzo, lakini angalia umekata na nini.

MhaririWaBuruburu

Mama amelenga penyewe. Kwa Mwandishi, kitu cha kulinda ni daftari lenye michoro. Lisipoonekana mapema, jina la mwisho halimgusi mtu. Na lisionyeshwe kama somo. Katika zile sekunde 40 za mwanzo, keyateka anapanda, mama wa chapati anamkabidhi pesa mlangoni, yeye anafungua daftari na kutia alama kando ya mchoro wa jiko. Shoti ya karibu, sekunde tano, ukurasa mzima: jiko, helmeti, miwani. Kufuli liko chini ya kwapa. Kwenye shoti hiyo hiyo tumejua kazi yake, tumejua hasomi, na tumeiona miwani kabla ya kumjua mwenye miwani. Huhitaji landilodi kabisa. Agizo lake limo kwenye kufuli na karatasi.

MzeeWaJukwaa

Hapo umenigusa. Lakini bado sijaona ninampenda mwalimu kwa nini. Keyateka nimempata. Mwalimu ni mtu aliyechelewesha kodi tu.

Dada_Kamera

Swali la haki. Zile sekunde 145 za katikati ndizo za mwalimu. Hayupo nyumbani, keyateka anangoja ngazini, watoto wanaanza kufika na vitabu mmoja mmoja na kukaa wakimzunguka, kwa sababu amekalia mahali pao. Hawezi kufunga mlango watoto wakimwangalia, na hawezi kuondoka. Mwalimu anatokea na mfuko wa mkate, anaona kufuli, anaelewa, na anaanza somo kama kawaida. Hapo ndipo tutampenda. Asimwombe keyateka lolote, hata kwa neno moja. Akiomba, binti akisoma baadaye haitakuwa na uzito.

MzeeWaJukwaa

Kwa kuanza somo nimekubali. Ila mwisho nina shaka nao. Ufunguo umeshatolewa, tumeshaguswa. Kuandika jina kwenye daftari tena ni kumgusa mtu mahali pale pale mara ya pili. Ningemalizia kiganjani.

MhaririWaBuruburu

Mimi naona ni vitu viwili tofauti. Ufunguo ni alichompa mwalimu. Jina ni alichobaki nacho yeye. Ukimalizia kiganjani, hadithi ya kutojua kusoma inabaki wazi, na ndiyo iliyofungua filamu.

MzeeWaJukwaa

Bado nasema mikono inatosha.

Mwandishi_Umoja

Nachukua ya pili, na landilodi nimeshamtoa leo usiku. Kuhusu mwisho nitapiga zote mbili: mkono wa mwalimu nitaushikilia sekunde kumi nzima ili niweze kumalizia hapo nikitaka, halafu daftari nilipige kivyake. Swali moja limebaki. Binti anaposoma notisi, asome vizuri au akwame kwenye maneno?

Dada_Kamera

Akwame kwenye neno moja tu, na mwalimu amsaidie kulitamka. Liwe neno "kuhama". Anamsaidia mtoto kusoma notisi ya kumfukuza yeye mwenyewe, na baba yupo. Keyateka akiona hilo, ufunguo unatoka mfukoni bila maelezo.

MhaririWaBuruburu

Hiyo ipige kwa shoti moja isiyokatwa, uso wa keyateka tu, sauti za hao wawili zikitoka nje ya fremu. Na pimeni hizo ngazi kesho mkiwa na saa. Zikizidi sekunde 20, aanzie ghorofa ya tatu.