Jalada la Karatasi ya Tatu limewaponza watoto wetu, na waandalizi wanajibu ati "jumla ni 80"

Chaki ya Ahero

Leo nina hasira na sitaificha. Mimi hufunza Kiswahili kidato cha nne katika shule ya kutwa upande huu wa Ahero. Shule kadhaa za hapa karibu tulichanga pesa, tukaandaliwa mtihani wa mwigo wa pamoja. Insha ilienda sawa, Lugha ikaenda sawa. Kisha ikaja Fasihi.

Mnajua kwenye jalada kuna kile kijisanduku cha "Kwa matumizi ya mtahini pekee": safu ya Swali, safu ya Upeo, safu ya Alama. Karatasi ya tatu ni maswali manne, kila moja alama 20, basi. Kijisanduku chetu kilisema hivi: swali la 1 upeo 15, la 2 upeo 15, la 3 upeo 40, la 4 upeo 10. Jumla 80.

Mwalimu yeyote wa Kiswahili ameshajua kilichotokea. Hizo ni alama za karatasi ya pili: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimu jamii 10. Mtu alichukua jalada la Lugha, akabadilisha kichwa, akasahau kijisanduku. Aliyekagua naye akajumlisha, akapata 80, akatia sahihi.

Sasa oneni madhara. Nina kijana mmoja makini sana. Nimemfundisha mimi mwenyewe kwamba kabla ya kushika kalamu, soma jalada ugawe muda kulingana na alama. Saa mbili na nusu ni dakika 150. Ukigawa kwa 80, kila alama ina karibu dakika mbili. Akafuata. Swali la kwanza dakika 28, lake la pili dakika 28. Lake la tatu, lile la tamthilia, akalipa saa moja na robo kwa sababu jalada limesema 40. La mwisho akabaki na dakika 19.

Nilishika karatasi yake jana. Lile la tatu lina hoja 14, zimepangwa na mifano yake, kurasa tano nzima. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka hoja 10, kila moja alama 2. Akapata 20, na hoja nne zikaenda bure. La mwisho lina hoja tatu na sentensi iliyokatika katikati: "Aidha, mhusika huyu an". Akapewa 6. Jumla 13 na 12 na 20 na 6, yaani 51. Kijana huyu hashuki 60 darasani.

Waandalizi nimewapigia. Jibu: "Mwalimu, jumla si ni 80? Tatizo liko wapi?"

Mbuta wa Dunga

Pole mwalimu, lakini hapa kijana naye ana makosa. Ndani, mwisho wa kila swali, si imeandikwa alama 20? Angetazama. Jalada ni mapambo, mtihani uko ndani.

Chaki ya Ahero

Imeandikwa, ndiyo. Aliiona. Alinyoosha mkono akamuuliza msimamizi afuate ipi, ya nje au ya ndani. Msimamizi, mwalimu wa Kemia, akamwambia "fuata maagizo ya jalada". Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mama Kondele

Asante kwa kufungua uzi huu. Wangu pia alifanya huo mtihani. Yeye alijibu maswali mawili ya riwaya, na la pili limechorwa mstari mwekundu, sufuri. Ati haruhusiwi. Sasa hizo 40 za swali la tatu ataongezewa yeye pia? Na matokeo haya yanatumwa Nairobi?

Chaki ya Ahero

Mama, hayatumwi popote, ni mwigo tu. Na 40 haziko, ndiyo shida yenyewe. Lakini hilo la riwaya umenikumbusha nilitazame jalada tena. Limesema "Jibu maswali manne. Swali la kwanza ni la lazima. Maswali hayo mengine matatu yachaguliwe kutoka sehemu zilizobaki." Hapo likakoma. Ule mstari wa "Usijibu maswali mawili kutoka sehemu moja" haupo! Ndani nako, "Jibu swali la 2 au la 3" hakuna. Huyo msichana kaadhibiwa kwa sheria ambayo hakuandikiwa.

Kalamu Nyekundu, Kakamega

Nimesahihisha Fasihi miaka mingi, acha niseme kidogo.

La Mama Kondele kwanza. Kama agizo halikuchapishwa, mtahini hana haki ya kufuta jibu. Apewe alama zake zote. Mwongozo hauwezi kudai kitu ambacho mtahiniwa hakuambiwa.

La kijisanduku ni gumu zaidi. Najua mtu atasema tuliongeze swali la tatu mara mbili liwe la 40. Haiwezekani. Mwongozo ulitungwa kwa hoja 10. Ukizidisha, aliyeandika hoja 10 kwa nusu saa atapata 40 sawa na aliyeandika 14 kwa saa na robo, na yule aliyepuuza jalada akagawa muda sawasawa atafaidika mara ya pili. Tena "swali la tatu" ni lipi? Mmoja ni la tamthilia, mwingine la hadithi fupi, kila mtu na alilochagua.

Mimi ningeiweka kando karatasi hiyo yote. Mna Insha 40 na Lugha 80, hizo 120 zinatosha kuwapanga kwa muhula huu. Fasihi warudie.

Mbuta wa Dunga

Warudie kwa pesa ya nani? Na walioifanya vizuri bila kubabaika wamekosa nini? Mimi napinga.

Kalamu Nyekundu, Kakamega

Hao ndio wanaonisumbua pia, sikatai.

Mtu wa Njoro

Nyinyi mna bahati. Kwetu mwaka fulani jalada liliandikwa "SAA 2½" tu, neno "Muda" lilikatwa na mashine ya fotokopi. Msimamizi mgeni akasoma saa mbili na nusu asubuhi! Watoto wameketi tangu saa mbili kamili, karatasi ziko mezani zimefunikwa, wanatazamana. Akawaanzisha saa mbili na nusu, na saa nne na nusu akakusanya, maana ratiba ya ukutani ilisema hivyo. Nusu saa ikapotea hivihivi. Tangu hapo mimi huandika ubaoni saa ya kuanza na ya kumaliza, sitegemei jalada la mtu.

Mama Kondele

Heh! Sasa mwalimu, hizo alama za riwaya nimuulize nani?

Chaki ya Ahero

Nenda na karatasi yenyewe kwa mkuu wa idara wa shule yao, mwonyeshe agizo la jalada kwa kidole. Akikataa nitafute hapa.

Na kuhusu kurudia, waandalizi wamesema watakutana Ijumaa. Kalamu Nyekundu, nitawapelekea pendekezo lako, ingawa nawajua watalilia gharama.

Lakini ngojeni niwaambie kilichonifanya niandike usiku huu. Jioni nilipita kuchukua Fasihi ya kidato cha tatu, ya Jumatatu, mwandalizi yuleyule. Nakala 210, zimebanwa tayari. Nikafungua ya juu: 15, 15, 40, 10. Niko nayo mezani hapa na kalamu nyeusi. Nimefika nakala ya 64.