Nimeghairi upasuaji wa kukaza tumbo: barua ipi kati ya hizi mbili nitume, na advansi yangu itakuwaje?

Mama Naila
Habari za jioni wadau. Nilipanga kufanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo kwenye kliniki binafsi hapa Dar, na advansi nilishalipa. Nimekaa nikafikiri, nimeghairi. Nimeandika barua mbili na nimeshindwa kuchagua. Ya kwanza ni fupi: nawashukuru, nafuta nafasi yangu, nataka pesa yote ndani ya siku 7. Ya pili ni ya upole: nawashukuru, naeleza kwa nini nimebadili mawazo, naomba kuahirisha na pesa ikae kwao mpaka nitakapokuwa tayari. Mume wangu anataka ya kwanza. Mimi moyo uko kwenye ya pili, maana yule daktari alinisikiliza vizuri sana. Nyie mngetuma ipi?

Mzee wa Tegeta
Ya kwanza. Hujapanda kitandani, hujachomwa hata sindano ya ganzi, wanakudai nini? Na hiyo shukrani iondoe, ukiwa mpole sana watakuzungusha.

Karani Mstaafu
Dada, hatuwezi kukuchagulia gizani. Upasuaji ni tarehe ngapi? Ulilipa kiasi gani, na risiti imeandikwa malipo ya nini? Ulisaini fomu gani? Vipimo ulishafanya? Nimeandika barua za ofisi kwa miaka 26, na barua ya kughairi huanzia kwenye karatasi uliyosaini.

Kaka wa Lesta
Hapa Uingereza una siku 14 za kubadili mawazo na unarudishiwa pesa yako. Waandikie hivyo hivyo, sheria inakulinda.

Karani Mstaafu
Kaka, hizo siku 14 ni za mkataba uliofungwa kwa simu, mtandaoni au nje ya ofisi ya muuzaji. Hata huko kwenu, aliyekaa kwa daktari akasaini palepale hazimhusu moja kwa moja. Dada akizitaja kwenye barua ya Dar, wataona hajui haki yake ni ipi.

Kaka wa Lesta
Kweli, mimi nililipia meno kwa simu. Sikujua kuna tofauti.

Mama Naila
Samahani, niliandika kwa haraka. Upasuaji ni tarehe 28, leo tarehe 9. Gharama yote milioni 9 na nusu, nimelipa milioni 2. Risiti inasema "malipo ya awali" basi. Damu na kipimo cha moyo nilifanya palepale kliniki. Fomu nilisaini kurasa tatu, nakala iko kwa mama Kibaha, sikuisoma yote.

Bi Zuwena
Mwanangu, usitume ujumbe wa simu peke yake. Mimi nilipanga kupunguza matiti, mgongo ulikuwa unaniuma kila siku. Mama mkwe akaugua, nikapiga simu kliniki wiki tatu kabla. Msichana wa mapokezi akaniambia, "Sawa mama, nimekuandika, usijali." Nikamshukuru, nikasafiri zangu Tanga. Narudi kudai advansi yangu ya milioni moja na laki tano, wakanifungulia daftari. Mbele ya jina langu pameandikwa kwa kalamu nyekundu HAKUFIKA. Yule msichana alishaacha kazi. Sikuwa na barua wala ujumbe, nilikuwa na simu ya dakika mbili ambayo hakuna aliyeikumbuka. Wakaniambia chumba cha upasuaji kilikaa wazi asubuhi nzima na daktari wa usingizi alilipwa. Kwa upande wao ni kweli, walinisubiri. Pesa sikuiona tena.

Neema K
Dada usiogope! Mimi nilifanya mwaka juzi. Wiki ya kwanza unatembea umeinama, mkanda wa kubana nilivaa wiki sita, sasa hivi nashukuru. Nenda tu.

Mama Naila
Siogopi, dada Neema. Mimi na baba Naila tumekubaliana tujaribu mtoto mwingine mwakani. Ndiyo sababu.

Nesi wa Zamu
Hapo umeamua vizuri. Wakikaza tumbo wanakata ngozi iliyozidi na kushona misuli ya katikati iliyoachana. Mimba inaweza kuvilegeza tena, ndiyo maana wengi huambiwa wamalize uzazi kwanza. Lakini kwenye barua si lazima uieleze familia yako. "Sababu binafsi" inatosha.

Neema K
Shoga yangu alizaa baada ya upasuaji na yuko salama.

Nesi wa Zamu
Sijasema si salama, dada. Nimesema kazi iliyofanyika inaweza kuharibika akalazimika kulipia tena.

Mama Naila
Mdogo wangu amenipigia picha ile fomu. Ukurasa wa tatu chini: "Malipo ya awali hayatarudishwa endapo mteja ataghairi zikiwa zimebaki siku 10 au pungufu." Halafu: "Mteja akiahirisha, malipo yatashikiliwa kwa miezi 6." Hakuna kingine.

Karani Mstaafu
Basi ile barua ya upole ingekuumiza. Ungeahirisha, mimba ingekuja, na miezi sita ingeisha hujajifungua. Andika neno "kufuta". Barua iwafikie kabla ya tarehe 18, na mimi nisingevuka kesho. Ile ya kwanza nayo ina kasoro: inadai yote wakati vipimo vimefanyika na fomu haisemi vinahesabiwaje. Waombe mchanganuo wa maandishi, kila kinachokatwa kionekane. Sheria yetu ya Mikataba inatambua fidia ya kuridhisha kwa aliyevunjiwa mkataba, kwa hiyo vipimo na mkanda ulioagizwa kwa kipimo chako wanaweza kuvitetea. Chumba ambacho bado wana siku 19 za kukipangia mtu mwingine, ni vigumu. Ningeandika hivi:

"Yah: Kufuta upasuaji wa kukaza tumbo wa tarehe 28.
Nakushukuru wewe na wauguzi kwa muda mlionipa na kwa kujibu maswali yangu yote. Kwa sababu binafsi nimeamua kutofanyiwa upasuaji huu, na kwa barua hii nafuta nafasi yangu. Siombi kuahirisha. Taarifa hii naitoa tarehe 10, zikiwa zimebaki siku 18.
Nililipa Sh 2,000,000, nakala ya risiti nimeambatanisha. Naomba nirudishiwe, na kama kuna gharama mliyokwisha kuingia, naomba mchanganuo wake kwa maandishi pamoja na tarehe ya kunilipa salio. Naomba pia mnithibitishie kuwa mmepokea barua hii."

Chapisha nakala mbili. Moja wagongee muhuri wa kupokea wenye tarehe, urudi nayo. Halafu itume pia kwa barua pepe.

Mzee wa Tegeta
Hapo kwa kukubali makato umewapa mlango. Wangeomba wao.

Karani Mstaafu
Mlango upo tayari, mzee. Mchanganuo unawabana wataje kiasi.

Bi Zuwena
Shukrani iache mwanangu. Ukishazaa unaweza kurudi kwa daktari huyohuyo.

Nesi wa Zamu
Majibu ya vipimo yaombe pia. Kama utakatwa pesa yake, ondoka nayo, kundi la damu na wingi wa damu vitakufaa hata ukianza kliniki ya wajawazito. Na walikupiga picha za tumbo?

Mama Naila
Ndiyo, mbele na ubavuni, na kwenye fomu kuna kisanduku cha kuruhusu zitumike kwenye matangazo. Nilikiwekea tiki bila kufikiri. Uso haupo ila nina alama ya kuzaliwa karibu na kitovu, wanaonijua wataijua.

Nesi wa Zamu
Ongeza sentensi moja: unaondoa ruhusa ya picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ni taarifa nyeti.

Kaka wa Lesta
Waambie wazifute kabisa.

Nesi wa Zamu
Kuzifuta kwenye faili la mgonjwa ni jambo jingine, kumbukumbu za matibabu hutunzwa. Matangazo ndiyo ayazuie.

Mzee wa Tegeta
Faili la nini kama hajafanyiwa?

Mama Naila
Asanteni sana. Barua nimeichapa na sentensi ya picha nimeiongeza. Saa tatu asubuhi nitakuwa mapokezi. Kuna anayejua vipimo vya damu na moyo kliniki binafsi huwa wanakata kiasi gani?

Neema K
Mimi yangu ilikuwa ndani ya gharama yote, sikuwahi kuona bei yake.