Nyimbo za santuri zinakatwa vibaya mwanzoni, nizigawanyeje?

Binti Makorora: Wakuu, habari za jioni. Nahamishia kwenye kompyuta santuri za marehemu baba, LP za muziki wa dansi. Nimerekodi upande A wote mfululizo kwa Audacity, nyimbo nne, dakika 21. Nikaiachia programu itafute mipaka kwa `Label Sounds`. Imetoa vipande vitano: wimbo wa kwanza umepasuliwa pale bendi inaponyamaza kidogo kabla ya chemko, na wa tatu, unaoanza na gita la solo la chinichini, umeliwa noti za mwanzo. Nifanye nini kila wimbo uanze safi?

Kijana wa Mixer: Dada, ni mipangilio tu. Muda wa kimya weka sekunde 2, halafu kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikiwa chini yake inahesabiwa kimya, teremsha mpaka -50 dB. Itajigawa yenyewe.

Binti Makorora: Asante kaka. Wimbo wa kwanza umekuwa mzima, lakini sasa wa pili, wa tatu na wa nne vimeungana kuwa kitu kimoja.

Fundi Santuri: Hapo kwenye muda wa kimya kijana yuko sahihi. Kwenye kizingiti ndipo santuri inapokataa, kwa sababu haina kimya. Kati ya wimbo na wimbo sindano bado inasugua mfereji. Dada, chagua kipande kisicho na muziki, ucheze, usome kipimo cha sauti. Kisha soma na lile gita linapoanza.

Binti Makorora: Mfereji mtupu -46, gita linaanza -44 hivi.

Fundi Santuri: Basi hakuna kizingiti kitakachotenganisha vitu viwili vilivyokaribiana hivyo. Ukikishusha, mkwaruzo unahesabiwa kuwa muziki. Ukikipandisha, gita linahesabiwa kuwa kimya. Unaweza kupitisha `High-Pass Filter` kwenye 30 Hz ili kuondoa mngurumo wa mashine, nafasi itaongezeka kidogo. Lakini kwa nyimbo nne weka alama kwa mkono: simama penye mpaka, kuza picha ya sauti, bonyeza Ctrl+B.

Kabla ya kuweka alama, rudi nyuma sekunde 1.8 kutoka noti ya kwanza na usikilize kwa hedifoni. Santuri ya 33⅓ huzunguka mara moja kwa sekunde 1.8, na wakati wa kuchonga, mfereji wenye sauti kubwa husukuma kidogo ukuta wa jirani yake. Kwa hiyo mara nyingi utasikia mzimu wa noti ile ile, hafifu, mzunguko mmoja kabla. Ukianzisha wimbo kabla ya mzimu, msikilizaji anasikia mwanzo mara mbili.

Mfano: noti ya kwanza ipo sekunde ya 582.30, mzimu upo 580.50. Alama iwe 582.05, na sauti ipande kutoka sifuri hadi 582.25. Wimbo uliotangulia, kama umeisha kabisa 577.9, ushushe taratibu kuanzia 578.5 uzimike 580.3, kisha nyamazisha mpaka kwenye alama. Fanya hivi kwenye nakala, rekodi ya asili usiiguse.

Mzee wa 45: Mimi nina zile ndogo, wimbo mmoja umekatwa nusu upande A na nusu upande B. Naziungaje?

Fundi Santuri: Mzee wangu, shikamoo. Hilo ni jambo lingine. Tafuta pigo la kwanza la ngoma baada ya mwanzo wa B, uligonganishe na pigo la mwisho la A. Kama studio walishusha sauti mwisho wa A, kilichozimwa hakirudi, utasikia tu inapungua na kupanda.

Sikio la Pwani: Sikubaliani na kunyamazisha. Mkwaruzo ukikatika ghafla kisha ukarudi, sikio linashtuka kuliko huo mzimu. Mimi naweka alama moja tu mwanzoni mwa kila wimbo, kila faili linaendelea mpaka alama inayofuata, na upande wote unachezeka bila pengo.

Fundi Santuri: Kwa anayesikiliza upande mzima, una hoja. Ila toa FLAC, maana MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili na pengo linarudi.

Binti Makorora: Nimeweka alama kwa mkono, nikatoa kwa `Export Audio`, `Multiple Files`, na kisanduku cha `Include audio before first label` nimekiacha wazi, kishindo cha sindano kikabaki nje. Gita la wimbo wa tatu linaanza vizuri kabisa. Wa nne umenishinda: mzimu wake unatokea wakati tarumbeta za wa tatu bado zinafifia.

Fundi Santuri: Hapo usishushe kitu, utakata tarumbeta. Uache.

Sikio la Pwani: Jaribu kupunguza dB 6 pale mzimu ulipo tu, kama nusu sekunde. Wakati mwingine inasaidia, wakati mwingine tarumbeta zinasikika kuzama. Sikiliza uamue.