Naomba ushauri: asilimia ipi niipeleke kwenye usaili wa timu lida?

Wakuu, habari za kazi. Usaili wa timu lida hapa kol senta unakaribia na nimekwama kwenye namba moja. Mwezi uliopita nilipokea simu 1,240. Tiketi zilizofungwa kwenye simu ileile ni 1,091, yaani asilimia 88. Lakini simu 186 zilifuatiwa na mteja kupiga tena ndani ya siku 7 kwa tatizo lilelile, kwa hiyo zilizomaliza tatizo kweli ni 1,054, asilimia 85. Hii ya pili ndiyo naiamini, maana tiketi unaweza kuifunga hata mteja akiwa bado analalamika. Ila wenzangu wataleta ile ya kwanza.

Halafu lugha. Napokea laini ya Kiswahili na ya Kifaransa, ya wateja wa Kongo. Ya Kifaransa hurudi zaidi kwa sababu miamala ya nje lazima ipite kitengo cha fedha, mhudumu hawezi kuimaliza mezani. Nikichanganya, wastani unashuka. Nikitenganisha, si nitaonekana nakwepa?

Kwa wapya niliowafundisha, nionyeshe vyeti vyangu au asilimia zao za wiki ya kwanza na ya nane?