Video ya sendofu: nikiweka LUT, sura zinakuwa rangi ya tofali. Nakosea wapi?

Kijana_wa_Moro:
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi tulirekodi sendofu kwenye ukumbi wenye balbu za njano darini na taa za zambarau jukwaani. Kamera yangu niliiweka 3200K. Ya mwenzangu ilibaki 5600K tangu tulipokuwa nje mchana. Zote zinarekodi mp4 ya kawaida, biti 8. Ndani ya DaVinci Resolve nimezipa klipu zote LUT moja ya kisinema. Kamera yangu inapendeza, ila ya mwenzangu sura zimekuwa kama tofali, na suti nyeusi ni doa tupu. Nimeshabadilisha LUT nane. Mteja anataka kazi Ijumaa. Nitumie ipi?

Pwani_Video:
Rahisi sana mkuu. Chukua kile kidude cha kudonoa rangi upande wa Temp, bonyeza kwenye gauni la bibi harusi, rangi inakaa sawa yenyewe. Mimi nafanya hivyo kila wiki.

Bahari98:
LUT za bure hazifai. Hata mimi nilirekodi S-Log3, nikaweka LUT ya bure, picha ikabaki imepauka kama ina vumbi. Nunua za kulipia.

Mama_Studio:
Bahari98, yako ni kesi nyingine. Picha ya log inahitaji kwanza kugeuzwa kuwa Rec.709, ndipo LUT ya mwonekano ifuate. Mwenzako hakurekodi log.

Kijana wa Moro, acha kutafuta LUT. LUT ni jedwali tu: namba hii ikiingia, ile inatoka. Haijui kama iliyoingia ni sura ya mtu au ukuta. Kamera ya pili imeipelekea sura zilizokwisha kuwa za machungwa, nayo ikazidisha machungwa. Zima nodi ya LUT kwa Ctrl+D uangalie. Kama sura bado ni za machungwa, kosa liko kabla ya LUT.

Sasa tengeneza nodi tatu. Ya kwanza ni ya mwanga: fungua Waveform, shusha Gain mpaka vitu vyeupe visigande juu kabisa, kisha pandisha Gamma kidogo ili sura zifunguke. Usiguse Lift kwa ajili ya sura, maana ukiipandisha, weusi wa suti unageuka kijivu. Na usilazimishe sura nyeusi zifike kwenye mwanga wa sura nyeupe. Ngozi yetu ina mahali pake, chini kidogo.

Nodi ya pili ni ya rangi. Hapo Pwani_Video amepatia nusu. Kudonoa kunafaa kama kitu ni cheupe kweli na kimeangaziwa na taa ileile. Gauni la krimu ukiliita jeupe, kila mtu anageuka bluu. Tafuta leso ya karatasi mezani, bonyeza kulia kwenye picha uchague Show Picker RGB Value, usome.

LUT iwe nodi ya tatu, ya mwisho.

Kijana_wa_Moro:
Dada, asante sana. Nimezima LUT na kweli sura ni za machungwa. Leso inasoma R 214, G 176, B 121. Nifanye nini na namba hizo?

Mama_Studio:
Bluu iko chini mno. Vuta Temp upande wa bluu mpaka R na B zikaribiane, kisha sogeza Tint kidogo ili G iwafuate. Zikitofautiana kwa namba tatu nne si neno. Halafu fungua Vectorscope, washa mstari wa ngozi. Ngozi nyeusi na nyeupe zote hulala karibu na mstari huo, zinatofautiana mwanga zaidi kuliko rangi yenyewe.

Zambarau ya jukwaani iache, ndivyo ukumbi ulivyokuwa. Na tarajia chenga kwenye vivuli, kwa sababu bluu ilirekodiwa kidogo na wewe unaikuza.

Pwani_Video:
Kweli kuhusu krimu, kuna harusi moja iliniumbua hivyo. Lakini mimi naanza na rangi, mwanga baadaye. Ukishusha Gain kwanza, bluu unaisomaje?

Mama_Studio:
Ukipendelea hivyo sawa, mradi urudi kuangalia nodi ya kwanza. Mimi huanza na mwanga kwa sababu kwenye giza macho yangu hayaamini rangi.

Kijana_wa_Moro:
Sasa leso inasoma 178, 175, 173, na LUT ileile ya mwanzo imekaa! Nimepunguza nguvu ya LUT kwa kushusha Gain ya Key Output ya nodi yake hadi 0.6, suti zimerudi kuwa suti. Imebaki klipu moja: bibi harusi anatembea kutoka chini ya balbu za njano hadi kwenye zambarau. Niikate klipu, au niweke alama za kubadilisha Temp taratibu?

Pwani_Video:
Weka alama.

Mama_Studio:
Mimi ningeiacha, nisawazishe tu pale anapoanzia. Ukibadilisha Temp anapotembea, ukuta wa nyuma nao utabadilika rangi na watu wataona. Jaribu zote mbili, utuwekee hapa.