Bosi kanirudishia imeili ya makabidhiano ya likizo, inapungua nini?

BintiMakorora:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Tanga mjini. Likizo yangu ya mwaka inaanza Jumatatu tarehe 3 Novemba hadi mwisho wa mwezi, na naenda Lushoto kwa wazazi. Atakayenishikia ni mdogo wetu wa upande wa nyaraka. Ana akili, ila ritani hajawahi kuandaa. Nimeandika hivi:

*"Kuanzia Jumatatu nitakuwa likizo. Kazi zilizopo: PAYE ya Oktoba, inaendelea. VAT ya Oktoba, inaendelea. Deni la mteja wa vigae, linafuatiliwa. Mafaili yote yapo kwenye kompyuta yangu. Ukikwama wasiliana na bosi."*

Bosi kajibu kwa mstari mmoja: "Hii haijaniambia kitu." Kwangu naona kila kitu kimo. Nisaidieni kabla ya Ijumaa.

Kijana wa Ngamiani:
Dada, usimbembeleze mtu. Siku 28 za likizo ni haki yako kisheria, jaza fomu, peleka utumishi, ondoka. Akikataa nenda ofisi ya kazi.

BintiMakorora:
Kaka, likizo imeshasainiwa zamani. Nauliza imeili ya kumwachia mwenzangu kazi.

Mzee wa Raskazone:
Binti, kinachokuponza ni hilo neno "inaendelea". Wewe unajua imefika wapi kwa sababu iko kichwani mwako. Mwenzako akisoma "VAT inaendelea" hajui kama aanze upya, asubiri mtu, au abonyeze tu kutuma.

Chukua hiyo VAT, uiandike kama unamweleza mtu aliyekaa kitini kwako tarehe 10 asubuhi na wewe hupatikani:

*"VAT ya Oktoba. Mauzo yote yameingia kwenye faili la Excel. Manunuzi yameingia mpaka tarehe 24. Kinachosubiriwa ni risiti za EFD za msafirishaji wa malori. Karani wao ndiye anayezileta, mpigie tarehe 6. Zikifika ziingize kwenye ukurasa wa Manunuzi. Tarehe 14 mpe bosi akague, tarehe 18 itumwe. Mwisho wa TRA ni tarehe 20. Risiti zisipofika hadi tarehe 13, usizisubiri. Peleka ritani bila hizo, nitazidai mwezi unaofuata."*

Tazama sentensi ya mwisho. Bila risiti ya EFD huwezi kudai kodi ya manunuzi, kwa hiyo mtoto mwenye bidii ataona bora angoje risiti, na huko kungoja ndiko kutakakompitisha tarehe 20. Umeshamwamulia, hana haja ya kukutafuta Lushoto. Halafu ona kwamba tarehe 20 ni ya TRA, si ya kwenu. Ukimwandikia tarehe ya mwisho peke yake ataanza kazi tarehe 19 jioni.

PAYE ni fupi lakini ndiyo ya kwanza kukugonga: tarehe 7, siku nne tu baada ya wewe kuondoka. Hiyo mimi ningeimaliza kabla sijafunga begi, nikaandika "imeshatumwa na kulipwa, risiti ipo mahali fulani". Kazi ya kukabidhi isiwe ile uliyoweza kuimaliza mwenyewe.

Mama Zawadi:
Nyongeza yangu: mpelekee nakala ofisi nzima, na kila kazi weka majina mawili. Mmoja akiumwa mwingine yupo, na hakuna wa kusema hakuambiwa.

Mzee wa Raskazone:
Mama, nakala kwa bosi naikubali kabisa. Majina mawili hapana. Nimeona mara nyingi: kila mmoja anadhani mwenzake ameshughulikia. Jina liwe moja kwa kila kazi, na chini useme huyo akikosekana nani anaamua. Na "wasiliana na bosi" nayo haitoshi, kwa sababu bosi hajui karani wa msafirishaji ni yupi. Mtu wa kuuliza aandikwe palepale penye kazi.

Stoo Korogwe:
Mimi si wa ofisini, nipo stoo ya shamba la mkonge. Mwaka fulani nilimwachia mwenzangu funguo na dizeli kwa mdomo. Narudi, kijiti cha kupimia tangi kinasoma chini ya daftari, na kila mtu ananitazama mimi. Siku hizi tunapima wote wawili, tunaandika, tunasaini. Dada, kama unashika pesa ndogo za ofisi, imeili pekee haitakusaidia. Zihesabuni pamoja noti kwa noti, mweke saini, picha ya karatasi ndiyo iambatanishwe.

BintiMakorora:
Hilo la pesa ndogo hata sikuliandika, asante kaka. Na mafaili je? Karibu yote yapo kwenye laptopu yangu, mengine Google Drive.

Fundi wa Chumbageni:
Hapo ndipo wengi hukwama siku ya kwanza. Unabandika kiungo cha Drive, kwako kinafunguka kwa sababu faili ni lako. Mwenzako akibonyeza anaambiwa `Request access`, na ombi linakuja kwako uliye likizo. Kabla ya kutuma nenda `Share`, angalia kama pameandikwa `Restricted`, kisha ongeza anwani yake na umpe `Editor`, maana `Viewer` atasoma tu bila kuandika.

Ya kwenye laptopu yahamishie kwenye folda ya ofisi, na njia uiandike nzima:

```
D:\Uhasibu\VAT\10_Oktoba\VAT_Oktoba_KAZI.xlsx
```

Kama humo ndani kuna "final", "final2" na "final mpya", zile za zamani ziweke folda nyingine. Halafu Ijumaa mchana mkalishe kwenye kompyuta YAKE, afungue kila faili mwenyewe ukiwa umesimama nyuma, mikono mfukoni.

Paswadi usiziweke kwenye imeili, imeili husambazwa. Na uliza benki mapema: kama namba za kuthibitisha malipo zinakuja kwenye simu yako, usipange kuwa utamsomea kutoka mlimani. Bosi aombe mtumiaji mwingine asajiliwe, na hilo halimaliziki kwa siku moja.

BintiMakorora:
Duh, namba zinakuja kwangu kweli. Kesho asubuhi benki. Nimejaribu kuliandika upya la mteja wa vigae, Mzee nikague:

*"Mteja wa vigae ana ankara mbili za Septemba hazijalipwa, nakala zipo folda ya Madeni. Kwa simu aliahidi kulipa nusu tarehe 10, iliyobaki tarehe 25. Tarehe 11 angalia benki. Kama haijaingia, mpigie mhasibu wao, si mwenye duka."*

Mzee wa Raskazone:
Sasa umeandika. Hiyo ahadi ya simu haimo kwenye faili lolote, bila hivyo mwenzako angeanza kumdai upya na mteja akakasirika. Ongeza kitu kimoja: akiomba kontena lijalo litolewe kabla ya kulipa, nani anakubali? Maana ataomba tu.

BintiMakorora:
Bosi peke yake. Naweka. Swali la mwisho: namba yangu ya simu niiweke?

Mama Zawadi:
Iweke, bwana, mambo yakiharibika watampigia nani?

Fundi wa Chumbageni:
Ukiiweka watapiga kuuliza faili liko wapi, wakati umeliandika. Mpe bosi tu.

Mzee wa Raskazone:
Mimi huwa naweka, kwa jambo moja lililotajwa: barua kutoka TRA. Mengine sipokei.

Kijana wa Ngamiani:
Likizo ni likizo, zima simu.

BintiMakorora:
Bosi naye anaitaka iwepo. Nitaongea naye kesho nikitoka benki.