Kupinga pendekezo la mwenzako kundini ndiyo imekuwa uadui? Nimechoka!

Wakuu, habari za humu. Niko Tabora, kwenye kikundi cha wachakataji wa asali, na naandika nikiwa bado na hasira.

Iko hivi. Mwenzetu mmoja aliweka pendekezo kwenye kundi letu la WhatsApp: asali ya msimu huu ipashwe hadi nyuzi 70, pipa likae moja kwa moja juu ya moto, ndipo ichujwe. Sababu yake ni ya kweli kabisa. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu inafanya asali iwe nzito, chujio linaziba, na ndoo inaweza kulala usiku kucha haijaisha kushuka. Wafugaji nao wanataka hela yao. Ila mimi sikukubaliana na njia, nikapinga palepale kundini, maana pendekezo liliwekwa palepale na mali ni ya wote.

Naweka ujumbe wangu wote hapa, anayeona tusi anioneshe:

"Kaka, nakubaliana na wewe kwamba uchujaji unatuchelewesha, na kupasha kidogo kutasaidia. Ninapotofautiana ni kwenye nyuzi 70 na pipa kukaa juu ya moto. Asali ikipata joto kali HMF, yaani kemikali inayotokana na sukari kupata joto, inapanda. Kiwango cha Codex, ule mwongozo wa kimataifa wa vyakula, ni miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto kama yetu. Tukipita hapo mnunuzi ana haki ya kurudisha mzigo. Naomba tujaribu ndoo mbili za mzigo mmoja: moja tuipashe ndani ya maji ya moto isizidi nyuzi 45, nyingine kwa njia yako. Tuangalie ipi inachujika haraka, na sampuli zote mbili ziende maabara. Yako ikiwa ndani ya kiwango, nitaiunga mkono hapahapa."

Niliandika nikafuta, nikaandika tena. Mwanzoni nilikuwa nimeweka "unataka kutuharibia asali." Nikaitoa, kwa sababu yeye hataki kuharibu kitu, anataka kuwahi. Linaloharibu ni joto. Nilikuwa pia nimegusia mambo ya ndoo za msimu uliopita, nayo nikayatoa, hayakuhusiana na pendekezo hili. Nikaujibu ujumbe wake wenyewe, ili mtu akisoma aone napinga sentensi ipi.

Sasa sikieni majibu. Wa kwanza: "Dada umekuja juzi tu, wenzako wamekula asali tangu hujazaliwa." Wa pili: "Kuna watu humu wametumwa na wanunuzi." Wa tatu akarusha sauti ndefu, nimeisikiliza yote, neno joto halimo hata mara moja. Humo nimeitwa msomi, nimeulizwa kwa nini nisianzishe kikundi changu. Halafu vidole gumba vikaanza kumiminika chini ya pendekezo, na mwenyekiti akafunga: "Tusigombane jamani, tuheshimiane. Pendekezo limepita."

Nani alikuwa anagombana? Mimi niliuliza kuhusu pipa! Mwenye pendekezo mwenyewe hakuniambia neno baya, alikuwa kimya tu. Ni mashabiki wake ndio walionivaa. Na hivyo vidole gumba vilikuwa vya kumpenda mtu, maana hakuna aliyesema joto hilo litapimwa wapi, juu ya pipa au chini.

Kinachoniuma zaidi ni huo mwisho wa mwenyekiti. Ukisema "tusigombane" kwa aliyeleta hoja na kwa aliyetukana, kwa sauti ileile, umemwambia aliyeleta hoja kwamba kosa lake ni kuileta. Mwenyekiti alitakiwa aseme neno moja tu: jibuni suala la pipa. Ndoo ya lita 20 inabeba kama kilo 28 za asali. Hebu fikirieni mzigo mzima ukirudishwa, ile sauti ndefu ndiyo itamlipa mfugaji?

Nauliza: nyie kwenye makundi yenu ya kazi mnafanyaje? Na kuna mwenye ujuzi wa joto la asali humu?

Mtu_wa_Urambo: Pole dada. Ila hapo ungemfuata pembeni kwanza. Mtu mzima hapingwi mbele za watu, hata ukiwa na haki anajiona kadhalilishwa.

Mleta uzi: Mkuu, ningegundua amekosea hesabu ningemfuata pembeni, ajirekebishe mwenyewe. Hili lilikuwa linakwenda kuamuliwa siku ileile. Tukimalizana wawili pembeni, wengine watajuaje kwa nini pendekezo limebadilika? Watasema tumepanga.

Mtu_wa_Urambo: Sawa, lakini hata salamu ya pembeni, "kaka nakuja na swali kundini usinielewe vibaya," isingekugharimu. Mimi bado naona hivyo.

MamaKilimo: Dada asali feki utaijua kwa njiti ya kiberiti, ichovye halafu washa. Ikiwaka ni nzuri.

Mleta uzi: Asante mama, ila kipimo cha njiti si cha kuaminika, na hapa hatuzungumzii asali feki. Hii ni yetu wenyewe, tunajua imetoka mzinga gani.

Ticha_Nzega: Yamenikuta kwenye kundi la walimu. Nilipinga ratiba ya masomo ya jioni kwa sababu watoto wanaotoka mbali wangefika nyumbani gizani. Nikaambiwa sipendi kazi. Mpaka leo nikiandika kitu mule hakuna anayejibu. Nimeacha kuchangia.

Mzinga_Mkongwe: Binti, nimechakata asali miaka mingi. Nakupinga kidogo. Nyuzi 70 peke yake si sumu. Vipimo vinavyojulikana vinaonesha asali ikae nyuzi 70 saa kama 5 hadi 14 ndipo iongeze HMF ya miligramu 30. Kwa nyuzi 50 ni siku 4 na nusu hadi 9. Viwandani wanapasha juu hivyohivyo, lakini kwa muda mfupi na wanapoza haraka. Tatizo la mwenzako ni pipa. Asali haisambazi joto upesi: juu kipimajoto kinasoma 60, chini inaungua, utaiona imekuwa nyeusi na inanukia sukari iliyoungua. Halafu pipa zima linalala na joto lake mpaka asubuhi. Hizo saa ndizo zinazokuua. Muulize mambo mawili: inakaa juu ya moto muda gani, na itapozwaje.

Mleta uzi: Mzee shikamoo. Haya ndiyo niliyokuwa nayasubiri kule kundini! Umenipinga na sijaitwa msomi. Nayapeleka kama yalivyo: muda, na kupoza.

Mtu_wa_Urambo: Lakini mwenyekiti ameshapitisha. Ukirudi utaonekana mbishi.

Mleta uzi: Nitaonekana. Moto bado haujawashwa.

Mleta uzi: Mrejesho. Nimeweka maswali mawili ya mzee, bila kumtaja aliyenisema wala ile sauti. Mwenye pendekezo amejibu mwenyewe, mara ya kwanza tangu jana: "Muda sikuufikiria. Ila hayo maji ya moto, chombo cha kuingia ndoo nzima tutakitoa wapi?" Swali zuri. Mwenyekiti kimya. Yule wa sauti ndefu ameandika "haya ameanza tena," nimempita.

Mzinga_Mkongwe: Mwambie akate pipa nusu, aweke mawe chini ndoo isiguse chuma, maji yafike usawa wa asali. Na akoroge, kipimajoto kiwe ndani ya asali, si kwenye maji.